Pesa Imekatwa, Kitu Hakijaja

Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo na wanafunzi, Musoma



Dukani kwangu pale Bweri, karibu na stendi, nina daftari la mistari ambalo mwanzoni lilikuwa la madeni. Siku hizi upande wa nyuma nimeugeuza. Kila anayekuja na ile sentensi ya "pesa imekatwa, kitu hakijaja" namwandika: alinunua nini, saa ngapi, alilipa kwa njia gani, na mwisho wake ulikuwaje. Mimi ni fundi simu na wakala wa miamala, si mwanasheria. Nitakayosema leo nimeyatoa kwenye hilo daftari, na kidogo kwenye kusoma.

Nianze na kitu ambacho kila mtu humu ndani amewahi kukinunua, hata bibi yangu kule Buswahili ambaye hajui gemu ni nini: umeme wa LUKU. Mnaponunua umeme hampelekewi umeme. Mnauziwa namba yenye tarakimu 20. Namba hiyo ni bidhaa ya kidijitali sawasawa na ufunguo wa programu ya kompyuta au kitabu cha kusomea kwenye simu, tofauti ni kwamba sisi tumeizoea. Ndani ya zile tarakimu 20 kumefichwa kiasi cha uniti na dakika tokeni ilipotengenezwa, vyote vimefungwa kwa siri ya mita moja tu. Ndiyo maana tokeni ya jirani ukiiingiza kwako mita inakataa, na ya kwako ukiiingiza mara ya pili inakataa pia, kwa sababu mita inazikumbuka ilizokwisha kuzila. Mama mmoja alinijia amekasirika kwamba ameuziwa tokeni mbovu. Tulipochunguza, mwanawe alikuwa ameshaiingiza mchana akasahau kusema.

Sasa tuseme umelipa, salio limepungua, na meseji ya tokeni haijaja. Tokeni iko wapi? Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Gunia la dagaa likitoka Mwigobero kwenda Bunda linaweza kuanguka barabarani, na likianguka limeanguka. Namba haianguki. Kama mfumo uliitengeneza, imeandikwa kwenye kompyuta ya muuzaji pamoja na namba ya mita yako, na itaendelea kukaa pale. Kilichopotea ni meseji ya kukuletea. Kama mfumo haukuitengeneza, basi hakuna tokeni popote, na unachodai ni pesa. Ni mambo mawili tofauti kabisa, japo kwenye simu yako yanaonekana sawa: kimya.

Mei 2021 tuliona nchi nzima ikikwama kwenye hali hiyo ya pili. Mfumo wa kuuza LUKU ulisumbua kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akaagiza wakuu wa teknolojia wa shirika wasimamishwe kazi. Siku zile kumpigia wakala wako usiku kucha kulikuwa hakusaidii kitu, kwa sababu naye hakuwa na namba ya kukupa.

Halafu mwaka 2024 likaja jambo la kinyume, ambalo kwangu mimi ni somo zuri zaidi. Mita za aina hii duniani kote huhesabu muda kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ina kikomo: dakika 16,777,216. Ukizigawa unapata karibu miaka 32, na kikomo kilikuwa 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo ilibidi kila mita ibadilishiwe siri yake. Kwa hiyo mteja aliyenunua umeme alipokea mistari mitatu ya tarakimu 20 badala ya mmoja, aingize wa kwanza, wa pili, ndipo wa tatu ambao ulikuwa na umeme wenyewe. Wangapi walikuja kwangu wakisema wametapeliwa! Walikuwa wanaingiza mstari wa tatu peke yake, au wa kwanza peke yake, wakaona uniti hazipandi. Bidhaa ilikuwa imefika yote, kilichobaki ni kuipokea kwa mpangilio.

Kwa hiyo, mtu akiniambia kitu hakijaja, kichwani mwangu nafungua madaftari matatu. La kwanza ni la pesa: mtandao wa simu au benki iliyokata. La pili ni la oda: duka lililoandika kwamba fulani amenunua kitu fulani. La tatu ni la makabidhiano: gemu, mita, aplikesheni ya vitabu, au kompyuta iliyotakiwa kukipokea. Kazi yangu yote ni kutafuta daftari la mwisho lenye jina lako. Tatizo limekaa baada ya hapo.

Nitawapa mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho.

Kijana wa Buswahili, mvuvi, siku moja ya Jumamosi usiku alitaka sarafu za gemu ya mpira kwenye simu yake. Alilipa kupitia Google Play, kwa ile kadi ya mtandao inayotengenezwa kwenye menyu ya pesa za simu. Mnajua mtandao wa kule ulivyo: ukisimama kwenye kichuguu unapata, ukishuka unapotea. Saa mbili usiku alinunua fungu dogo la sarafu. Meseji ya pesa ikaja: imekatwa. Kwenye gemu, sarafu zilezile za zamani. Akajaribu tena fungu lilelile, na duka likamjibu kwa maandishi kwamba tayari anamiliki bidhaa hiyo. Aliniambia, "Fundi, nikaona wananidharau. Namiliki nini wakati sina?" Akanunua fungu kubwa zaidi kwa hasira. Pesa ikakatwa tena, sarafu hakuna. Jumatatu asubuhi akapanda boda mpaka barabara kuu, akapanda gari, akafika kwangu na simu ina asilimia nne za chaji.

Tulianza na daftari la pesa. Meseji zilikuwa mbili, kila moja na namba yake ya muamala, saa na kiasi. Vizuri. Tukaenda daftari la oda. Ukifungua Google Play, ukabonyeza picha yako juu kulia, kuna sehemu ya malipo na usajili, na ndani yake historia ya ulivyonunua. Hapo watu wengi wanakwama kwa jambo dogo: simu moja ina akaunti mbili au tatu za barua pepe, na historia unayoiona ni ya ile iliyochaguliwa wakati huo. Kijana huyu alikuwa na akaunti yake na ya kaka yake aliyemwachia simu. Tukaangalia zote mbili. Oda zote zilikuwa kwenye ya kwake. Ya kwanza ilikuwa imekamilika, na kwenye barua pepe kulikuwa na risiti yenye namba inayoanza na herufi hizi:

```
GPA.
```

ikifuatiwa na mafungu ya tarakimu. Ya pili ilikuwa imeghairiwa.

Umeona? Kwenye meseji za pesa miamala hii miwili ni mapacha. Kwenye daftari la oda ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza duka linasema amenunua, ya pili duka linasema hakununua.

Tuishike ya kwanza. Kwa nini duka lilimwambia "tayari unamiliki"? Sarafu za gemu ni bidhaa ya kutumika ikaisha, kama sukari. Unapolipa, duka linaandika kwamba unayo pakiti moja. Gemu inatakiwa iwasiliane na duka, iseme "nimeiona, nimemkabidhi", ndipo duka linaifuta ile pakiti ili uweze kununua nyingine. Mtandao ulikatika katikati: duka limeuza, gemu haijajua. Ile kauli iliyomkera ndiyo ilikuwa habari njema kuliko zote usiku ule, maana ilimwambia pakiti yake ipo kaunta inasubiri kuchukuliwa. Kununua kubwa hakukuhitajika.

Tiba yake ilichukua dakika tatu. Tuliichaji simu, nikamwunganisha kwenye waifai ya dukani, tukaizima gemu kabisa na kuifungua upya kwa akaunti ileile. Gemu iliyotengenezwa vizuri, kila inapofunguliwa, huliuliza duka kama kuna pakiti ambayo haijachukuliwa. Sarafu zikamiminika. Kijana alipiga kelele mpaka konda wa basi akachungulia.

Lakini kulikuwa na saa inayokwenda bila yeye kujua. Kwa utaratibu wa Google Play, gemu isipothibitisha makabidhiano ndani ya siku 3, mauzo yanafutwa yenyewe na mnunuzi anarudishiwa pesa. Angekuja Jumatano, asingekuta sarafu wala pakiti. Angekuta duka limeanza kumrudishia. Si hasara, ila ni jibu tofauti, na asiyejua angeendelea kudai sarafu ambazo hazipo tena. Kumbuka pia kosa moja ambalo nimeliona likifanyika: mtu anaifuta gemu na kuipakua upya, na kwa kuwa alikuwa anacheza kama mgeni, bila kuiunganisha na akaunti yoyote, anaanza upya kama mtoto mchanga. Sarafu zinaweza kufika kwa mchezaji ambaye hayupo tena. Usifute chochote kabla hujapiga skrinshoti ya namba ya mchezaji.

Sasa ile ya pili, iliyoghairiwa. Pesa ilikuwa wapi? Malipo ya kadi yana hatua mbili ambazo meseji zetu hazizitenganishi vizuri. Kwanza duka linamuuliza anayetunza kadi, "Pesa ipo?" Ikiwepo, inawekwa pembeni, huwezi kuitumia. Baadaye duka linaichukua kweli. Likighairi kati ya hatua hizo, pesa haijaenda dukani. Imekaa pembeni kwa anayetunza kadi, na inaachiwa baada ya siku kadhaa. Kwako wewe salio limepungua, kwa hiyo unaapa imeliwa. Ukiliandikia duka, litakujibu kwa haki kabisa kwamba halina pesa yako. Wa kumwandikia ni mtoa huduma wa pesa za simu. Nilimsaidia kijana kuandika meseji, na nitawasomea jinsi ilivyokuwa maana ufupi wake ndio uliofanya kazi: namba ya muamala, tarehe na saa, kiasi, maneno "duka limeghairi oda, naomba kujua lini kiasi kilichoshikiliwa kitaachiwa", na skrinshoti ya oda iliyoghairiwa. Hakuna "mmenitapeli", hakuna "nina watoto". Mhudumu anayesoma malalamiko siku nzima anatafuta namba ya muamala. Ukimpigia kwenye 100, omba na namba ya kumbukumbu ya lalamiko uiandike. Bila hiyo, kesho unaanza upya na mhudumu mwingine.

Nimetumia muda mwingi kwenye gemu, najua wazee mnanitazama vibaya. Niende kwenye ofisi.

Wenye steshenari na wapiga chapa mnanunua funguo za Windows mitandaoni, kwa bei ambayo ukimwambia mtu anacheka. Ufunguo ni herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano. Kutofika kwake kunakuja kwa sura mbili. Ya kwanza ni kwamba haujatumwa au umeingia kwenye barua taka. Hiyo ni rahisi, tafuta kwa jina la muuzaji na kwa namba ya oda, kisha mwandikie akuonyeshe lini aliutuma na kwa anwani ipi. Nusu ya hizo kwenye daftari langu anwani ilikuwa imekosewa herufi moja. Ya pili ni mbaya zaidi: ufunguo umekuja, kompyuta imeukubali, na miezi kadhaa baadaye inaanza kudai ufunguo tena. Hapo kitu kilikuja, lakini hakikuwa kile ulicholipia. Siku ileile unapoupokea, fungua dirisha la amri na uandike:

```
slmgr /dli
slmgr /xpr
```

Amri ya kwanza inaonyesha ufunguo ni wa njia gani. Ukiona `RETAIL channel`, ni wa rejareja, ndio uliotangaziwa. Ukiona `VOLUME_MAK` au `VOLUME_KMSCLIENT`, huo ni wa taasisi kubwa yenye kompyuta nyingi, na aliyekuuzia hakuwa na ruhusa ya kuukata vipande akuuzie. Wa KMS unatakiwa kujithibitisha kwa seva ya taasisi hiyo, na ukishindwa unaisha baada ya siku 180. Amri ya pili inakwambia kama umewashwa moja kwa moja au una tarehe ya mwisho. Ufunguo ukikataliwa pale pale, isome namba ya kosa. `0xC004C008` maana yake umeshatumika kwenye mashine nyingi kuliko unavyoruhusu; `0xC004C003` maana yake umefungiwa. Ukimtumia muuzaji picha ya namba hizo ndani ya siku ya kwanza, wengi wanakubadilishia bila maneno. Ukimtumia baada ya miezi saba, huwa ameshabadilisha jina la duka.

Na vitabu? Hapa kwetu sehemu kubwa ya simulizi zinauzwa na watunzi wenyewe kwenye WhatsApp. Unasoma sehemu kumi bure, ya kumi na moja inakatikia pabaya, unatuma elfu moja au mbili kwenye namba ya mtunzi, naye anakutumia PDF kwa mkono wake. Daftari la oda ni kichwa chake. Akiwa shambani au msibani unasubiri. Nampenda mtunzi wa namna hii na ninamlipa, lakini nisiwadanganye: pesa uliyoituma kwa namba ya mtu binafsi haina duka la kuliuliza wala siku 3 za kusubiri. Ukituma, ndani ya dakika ileile mwandikie kwa namba uliyolipia, mtajie kitabu, na ubandike meseji ya muamala. Yeye huona majina kwenye meseji za pesa, na majina ya usajili mara nyingi si yale unayoyatumia WhatsApp. Wengi "wasiojibiwa" mtunzi aliona pesa ya mtu asiyemjua, basi. Na kama baada ya kutuma unaambiwa kuna ada nyingine ya "kufungua faili", hapo hakuna kitabu. Meseji za namna hiyo zielekeze kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli, na usiongeze hata mia.

Mzee mmoja ameniuliza kabla sijapanda hapa: nikishindwa naenda wapi? Kwanza unayemdai asikuone umeruka ngazi. Mtoa huduma lazima awe amepewa nafasi ya kujibu, ndiyo maana ya ile namba ya kumbukumbu. Likihusu pesa za simu au benki, anayewasimamia ni Benki Kuu, yenye tawi Mwanza. Likihusu mtandao wenyewe wa mawasiliano, ni TCRA. Umeme una baraza lake la watumiaji, EWURA CCC. Na kama mlilipa kwa kadi ya Visa ya benki na muuzaji wa nje hajaleta kitu, benki yenu inaweza kuyapinga malipo hayo. Kwa kawaida mnayo mpaka siku 120, lakini benki itawauliza kwanza kama mlimwandikia muuzaji. Malipo ya pesa za simu kwenda namba ya mtu hayana mlango huo. Nawaambia pia kitu ambacho hakipendezi: nauli ya kwenda na kurudi Mwanza inazidi thamani ya sarafu za gemu za mwaka mzima. Andikeni, msisafiri.

Kijana wa Buswahili alinipigia Alhamisi, alfajiri, yuko mtoni. Sauti yake ya chini kama mtu anayejificha. Ameletewa meseji kwamba pesa imeingia kwenye akaunti yake, kiasi kilekile cha lile fungu kubwa, na alikuwa na hakika ni matapeli wanataka aitume "irudi kwa mwenyewe". Nikamwambia usiisome meseji, fungua menyu uangalie salio. Simu ikakaa kimya, nikasikia kasia likigonga mtumbwi.

"Ipo, mura," akasema. "Ipo kweli."